Hisa imepanda lakini hela imepungua: jinsi ya kupiga hesabu ya bei ya kurudisha gharama pale DSE

Wakuu, hii nimeiandika kwa ajili ya yule aliyenunua hisa DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, akaona bei imepanda kidogo kwenye simu, akauza fasta akijua kapata, halafu hela ilipoingia benki akakuta ni chini ya aliyotoa. Nilikuwa mimi huyo. Nilinunua hisa 1,000 kwa bei ya 600, zikapanda mpaka 620, nikajisemea nina faida ya elfu 20 hapa, nikauza. Kilichoingia kwenye akaunti ni 605,330 na senti zake. Nikampigia broka kwa hasira kabisa nikimwambia kuna hela yangu imeliwa, yule dada akanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akaniuliza kwa upole, kaka ile kontrakti noti, yaani risiti ya makato ya siku uliyonunua, uliisoma? Sikuwa nimeisoma. Nilikuwa sijaifungua hata imeili yenyewe.

Hakuna hela iliyoliwa, makato yote yalikuwa yameandikwa pale mstari kwa mstari. Shida ni kwamba nilihesabu bei ya kununulia na bei ya kuuzia tu, wakati kati ya hizo mbili unakatwa mara mbili, unakatwa ukiingia na unakatwa ukitoka. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hujabonyeza "sell" sio imepanda au haijapanda, ni imefika ile bei ambayo ukitoka unarudi na hela yako kamili bila hata shilingi ya faida? Hiyo mimi naiita bei ya kurudisha gharama, na hapa naonyesha namna ya kuitafuta.

Hatua ya kwanza: itafute kontrakti noti yako

Kila ukinunua au ukiuza, broka anakutumia kontrakti noti, kwa kawaida PDF kwenye imeili, au unaiomba. Ile ndio risiti yako. Usitumie hesabu za kichwa wala za jamaa wa kwenye grupu la Wasapu, tumia ile karatasi, maana ndiyo uliyokatwa nayo kweli.

Ukiifungua utaona thamani ya biashara (idadi ya hisa mara bei), halafu chini yake makato. Kwenye noti yangu yalikuwa hivi. Mstari mkubwa ni komisheni ya broka, 1.7% kwa biashara isiyozidi milioni 10. Chini yake kuna VAT ya 18%, na hapa watu wengi wanashtuka wakidhani ni 18% ya hela yote, hapana, ni 18% ya ile komisheni tu. Halafu zinafuata ada nne ndogo ndogo: ya soko lenyewe yaani DSE 0.14%, ya CMSA ambao ndio wasimamizi wa masoko ya mitaji 0.14%, ya CSDR wanaotunza daftari la nani ana hisa ngapi 0.06%, na ya mfuko wa Fidelity unaofidia wawekezaji 0.02%. Hizo nne ukizijumlisha ni 0.36%.

Sasa weka namba halisi za ile biashara yangu. Hisa 1,000 kwa 600 ni 600,000. Komisheni 1.7% inakuwa 10,200. VAT ya 18% juu ya hiyo 10,200 ni 1,836. DSE 840, CMSA 840, CSDR 360, Fidelity 120. Jumla ya makato 14,196. Kwa hiyo hisa zangu hazikunigharimu 600,000, zimenigharimu 614,196, na kila hisa moja imenisimamia 614 na senti kadhaa kabla hata sijaanza kuwaza kuuza.

Angalia pia uwiano uliopo hapo ndani. Kati ya 14,196, broka na VAT yake wamebeba 12,036. Zile ada nne za taasisi zote pamoja ni 2,160 tu. Nasema hivi kwa sababu watu wakilalamika "DSE wanatukata sana" mara nyingi hawajui kwamba ada ya DSE yenyewe ni mia nane arobaini, mzigo mzito uko kwenye komisheni na VAT iliyo juu yake.

Hatua ya pili: geuza makato yote kuwa asilimia moja

Hii ni rahisi, chukua jumla ya makato gawanya kwa thamani ya biashara. 14,196 gawa kwa 600,000 unapata 0.02366, yaani 2.366%. Ukitaka kuihakiki bila noti, komisheni 1.7% ukiiongezea VAT inakuwa 2.006% (1.7 mara 1.18), ongeza 0.36% za zile ada nne, unarudi palepale 2.366%.

Kama kwenye noti yako utakuta VAT imewekwa pia kwenye ada ya soko au ya CSDR, au broka wako ana kiwango chake cha chini cha komisheni ambacho hakishuki hata ukinunua hisa chache, wewe usihangaike na mistari, chukua jumla ya mwisho ya makato ugawe kwa thamani. Njia ni ileile, namba ndio inabadilika, ila kumbuka kiwango cha chini cha komisheni kinafanya asilimia ya biashara ndogo iwe kubwa kuliko ya biashara kubwa, kwa hiyo asilimia uliyoipata mwezi uliopita kwenye laki sita usiichukue ukaibandika kwenye manunuzi ya elfu hamsini.

Hatua ya tatu: hapa ndipo wengi wanapokosea

Mtu akishajua anakatwa 2.366% akinunua na 2.366% akiuza, anajumlisha, anapata 4.732%, anasema basi hisa ikipanda 4.732% nimerudisha hela yangu. Inakaribia lakini bado. Jaribu uone. 600 ikipanda 4.732% inakuwa 628.39. Hisa 1,000 zinauzwa 628,392. Makato ya kuuza 2.366% ya hiyo ni kama 14,868. Unabaki na 613,524. Wewe ulitoa 614,196. Bado una upungufu wa shilingi 672 hivi.

Kwanini? Kwa sababu makato ya kuuzia hayakatwi kwenye ile 600 yako ya mwanzo, yanakatwa kwenye bei kubwa mpya, na hiyo bei mpya inabidi ifidie makato ya kununulia na bado ibebe makato yake yenyewe. Mtu anayepeleka maharage Tandale analijua hili hata kama hajasoma hesabu, dalali akichukua fungu lake anachukua kwenye bei uliyouzia, sio kwenye bei uliyonunulia shambani.

Kwa hiyo hatujumlishi, tunagawanya. Ukiuza, mkononi mwako inabaki 97.634% ya bei (100 toa 2.366). Hiyo 97.634% ndiyo inatakiwa iwe sawa na gharama yako yote ya kununua. Ndio maana:

```
bei_ya_kurudisha = bei_ya_kununua * (1 + k) / (1 - u)
```

k ni makato ya kununua, u ni makato ya kuuza, yote kwa desimali. Kwangu ni 600 × 1.02366 ÷ 0.97634, jibu 629.08. Ukitaka kwa asilimia peke yake, 1.02366 gawa kwa 0.97634 ni 1.0485 hivi, yaani hisa inatakiwa ipande kama 4.85% ndio uwe hujapata wala hujakosa. Tofauti ya 4.73 na 4.85 ni ndogo, sibishi, ila njia ya kugawanya ndiyo sahihi na ukiwa na makato makubwa zaidi tofauti inakua.

Kama unatumia Ekseli au ile ya Gugo, weka bei kwenye A2, makato ya kununua B2, makato ya kuuza C2, halafu:

```
=A2*(1+B2)/(1-C2)
```

Angalizo dogo, andika 2.366% au 0.02366, ukiandika 2.366 tupu itakupa namba hasi ya ajabu ajabu na ukiona hivyo ujue ni hapo tu.

Hatua ya nne: hakiki kwa kurudi nyuma

Usiiamini fomula mpaka uipige kinyume. Bei ya soko haina senti 8, kwa hiyo 629.08 unaipandisha kwenda bei ya karibu inayowezekana juu yake, tuseme 630. Usiishushe kamwe, ukishusha umeingia hasara kwa makusudi.

Kwa 630, hisa 1,000 ni 630,000. Komisheni 10,710. VAT 1,927.80. DSE 882, CMSA 882, CSDR 378, Fidelity 126. Jumla 14,905.80. Unabaki na 615,094.20, toa 614,196 uliyonunulia, una faida ya 898 na senti. Mia nane tisini na nane! Hisa imepanda shilingi 30, simu inakuonyesha kijani ya elfu 30, na mfukoni kuna hela isiyofika buku. Sasa rudi kwenye ile 620 niliyouzia mimi. 620,000 toa makato 14,669.20 ni 605,330.80. Hasara 8,865.20. Kwenye skrini ilikuwa faida ya 20,000.

Yule dada wa kwa broka hakuwa amekula kitu, na nilimpigia tena kumuomba radhi.

Kodi ya faida je?

Hili linaulizwa sana kwahiyo nalijibu hapa hapa. Mkazi wa Tanzania akiuza hisa zilizoorodheshwa DSE hakatwi kodi ya ongezeko la mtaji kwenye ile faida, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imeziweka nje. Kwa hiyo kwenye fomula yetu kodi iliyomo ni VAT ya kwenye komisheni tu. Majirani zetu Kenya nao hisa zilizoorodheshwa NSE, soko la hisa la Nairobi, hazilipiwi kodi hiyo, kwa hiyo mtu wa Nairobi anaweza kuchukua fomula ileile akaweka makato ya kwenye noti yake. Hisa za kampuni binafsi ambayo haipo sokoni ni habari nyingine kabisa, usichanganye.

Kodi utakayokutana nayo ni ya gawio, na gawio linabadilisha hesabu vizuri sana, ngoja tulione.

Hatua ya tano: weka gawio kama umelipata

Tuseme ile kampuni imetoa gawio la 40 kwa hisa wakati bado unazo. Hisa 1,000 ni 40,000. Kampuni iliyoorodheshwa DSE inakata kodi ya zuio 5% kabla haijakulipa, ni 2,000, unapokea 38,000. Hela hii ni yako tayari, kwa hiyo inapunguza kile unachotakiwa kukirudisha. 614,196 toa 38,000 inabaki 576,196. Gawanya kwa hisa 1,000 halafu gawanya kwa 0.97634, unapata 590.16. Yaani hata hisa ikishuka chini ya 600 uliyonunulia, ukiuza kuanzia 591 hujapoteza.

Hapa ndipo nilipobadilisha kabisa namna yangu ya kununua. Gawio la mwaka mmoja tu limefuta makato ya kuingia na kutoka na kubakisha. Aliyekaa nazo mpaka gawio na aliyeruka ruka wote wamelipa makato yaleyale, ila mmoja ana kitu cha kuyafidia.

Lakini usikimbilie kununua siku moja kabla ya kufungwa kwa daftari la wanaostahili gawio ili ule gawio kisha uuze. Kwanza unatakiwa uwe umeshaingia kwenye daftari siku likifungwa, na kununua leo sio kuingia leo, kuna siku za kukamilisha malipo katikati, muulize broka mwisho wa kununua ni lini. Pili bei kwa kawaida inashuka gawio likishatoka, maana anayenunua baada ya hapo halipati. Ukila 38 halafu hisa ikashuka 35, ile 4.85% bado inakusubiri mlangoni.

Biashara ndogo: hela za kutuma na kutoa

Hii ni kwa wale tunaonunua kidogo kidogo kwa simu. Asilimia 2.366 haijali una elfu 30 au laki 6, ila gharama zisizobadilika zinajali sana. Kutuma hela kwenda kwa broka, kuitoa ikirudi, makato ya benki, zote hizo ni sehemu ya safari hata kama haziko kwenye kontrakti noti.

Chukua hisa 50 kwa 600, ni 30,000. Makato ya kununua 709.80, jumla 30,709.80. Sasa tuseme kutuma na kutoa hela zote kwa pamoja kumekugharimu 2,000. Gharama yako imekuwa 32,709.80. Gawanya kwa hisa 50, halafu kwa 0.97634, bei ya kurudisha ni 670.05. Kutoka 600! Hiyo ni kupanda karibu 11.7% ndio urudi ulipoanzia. Mwenzako mwenye hisa 1,000 za kampuni ileile kwa bei ileile, hata akiwa amelipa hiyo 2,000 pia, anahitaji 631.13 tu, maana kwake ile elfu mbili inagawanywa kwa hisa 1,000, ni shilingi mbili kwa hisa.

Kama kipato ni kidogo, weka hela kwenye simu au benki miezi miwili mitatu kisha nunua mara moja, kuliko kununua kila wiki na kutuma kila wiki. Kama broka wako ana kiwango cha chini cha komisheni hili ndio linakuwa la lazima kabisa.

Upande wa pili, wenye hela nyingi. Komisheni inashuka kwa madaraja: milioni 10 za kwanza 1.7%, milioni 40 zinazofuata 1.5%, na kinachozidi milioni 50 ni 0.8%. Ni kwa madaraja, sio kwamba ukifika milioni 11 basi zote zinakuwa 1.5%. Mtu wa milioni 20 analipa 170,000 kwa kumi za kwanza na 150,000 kwa kumi za pili, jumla 320,000, VAT 57,600, zile ada nne 72,000, jumla 449,600. Ni 2.248%. Bei ya kurudisha kwake ni kupanda 4.6% badala ya 4.85. Kwa hiyo wale mnaodhani matajiri wanapita bure, hapana, mpaka uingie kwenye yale ya juu ya milioni 50 ndio unaanza kuhisi nafuu ya kweli.

Kushusha wastani: apu inakudanganya hapa

Hili ni kosa langu la pili na nadhani ni la watu wengi. Umenunua 1,000 kwa 600, zimeshuka 560, unaongeza 1,000 nyingine "kushusha wastani". Apu inaandika wastani wa bei 580, wewe unangoja 580 upumue, au 585 uuze kwa raha.

Hesabu halisi: za kwanza 614,196. Za pili 560,000 pamoja na makato 13,249.60 ni 573,249.60. Jumla umetoa 1,187,445.60 kwa hisa 2,000. Gawanya kwa 2,000, gawanya kwa 0.97634, unapata 608.11. Sio 580. Wastani wa kwenye skrini ni wa bei, haujabeba makato ya kununua wala hautazami makato ya kuuza. Kwahiyo ukiuza kwa 585 ukidhani una faida ya shilingi 5 kwa hisa, una hasara ya shilingi 22 na ushee kwa kila hisa, mara elfu mbili.

Njia rahisi ya kutopotea ni kuwa na daftari au shiti moja yenye safu mbili tu, jumla ya hela iliyonitoka pamoja na makato, na jumla ya hisa nilizonazo. Ukipata gawio unapunguza kwenye safu ya kwanza. Ukitaka bei ya kurudisha siku yoyote unagawanya ya kwanza kwa ya pili, kisha kwa 0.97634, basi. Bei ulizonunulia moja moja huhitaji kuzikumbuka.

Kuruka ruka kutoka hisa hii kwenda ile

Watu wanauza benki hii wananunua benki ile kwa sababu "ile inachangamka". Kila ukiruka unalipa kutoka huku na kuingia kule. Chukua mtu mwenye 1,000,000, anunue na kuuza mara nne kwa mwaka, na tufanye bei hazijasogea hata kidogo, anauzia bei ileile aliyonunulia. Kila mzunguko anabaki na 0.97634 gawa kwa 1.02366, ambayo ni kama 0.9538. Mara nne unapata 0.8275. Ile milioni imebaki kama 827,500. Laki moja na sabini na kitu imeondoka bila hisa yoyote kushuka, na hakuna siku hata moja ambayo skrini ilikuwa nyekundu.

Kwa hiyo kabla hujauza A ununue B, swali sio B itapanda, ni B itapanda kuliko A kwa zaidi ya ile asilimia 4.85? Ukiona huna sababu ya kueleweka ya kusema ndio, kaa ulipo. Mimi mara nyingi nimekaa.

Hatua ya mwisho: bei ya skrini sio bei utakayouzia

Umeshapata 630 yako. Unaona kwenye apu bei ya mwisho 630, unafurahi. Subiri. Ile ni bei ya biashara ya mwisho iliyofanyika, inawezekana ilikuwa hisa 10 tu, inawezekana ilikuwa juzi. Unachotakiwa kuangalia ni upande wa wanaonunua, yaani wanaotaka kununua sasa hivi wameweka bei gani na wanataka hisa ngapi. Kwenye kampuni zinazouzwa kwa wingi pengo ni dogo, kwenye zile zinazopita wiki bila biashara pengo linaweza kuwa kubwa kuliko makato yote niliyoyataja. Kama bei ya mwisho ni 630 lakini mnunuzi wa juu kabisa yupo 615, ukiuza sasa hivi unauza 615, na hapo kwenye hesabu yetu una hasara ya shilingi 13,747 hivi kwa hisa 1,000.

Kwahiyo ukipeleka oda ya kuuza usimwambie broka "niuzie tu". Mwambie bei ya chini kabisa unayokubali, andika 630 au zaidi, na mwambie oda idumu siku ngapi. Ikifika haijauzwa unaamua upya ukiwa na namba zako mkononi. Na muulize ikiuzwa vipande vipande, hisa 300 leo na 700 kesho, atakata vipi, maana kwa asilimia tupu haina neno, 300 na 700 zinaleta makato yaleyale ya 1,000, ila kukiwa na kiwango cha chini cha komisheni kwa kila kontrakti noti, vipande viwili ni viwango viwili, na hapo ile 630 yako inabidi uipige upya kabla hujamjibu.